Kantileva yenye mwega: kutafuta kani ya mwega kwa kujumlisha mishuko

Chukua boriti ya chuma yenye urefu wa mita 4. Ncha yake ya kushoto, A, imekazwa ukutani kiasi kwamba haishuki wala haizunguki. Ncha ya kulia, B, imelala juu ya mwega unaoizuia kushuka lakini hauizuii kuinama. Juu ya boriti yote umetandazwa mzigo wa kN 12 kwa kila mita, uzito wa boriti yenyewe ukiwamo, na katikati, mita 2 kutoka ukutani, unakaa mzigo mmoja wa kN 20. Swali ni hili: mwega unabeba kilonyutoni ngapi?

Mtu aliyezoea boriti za kawaida ataanza na milinganyo ya usawa, na hapo hapo atakwama. Visivyojulikana ni vitatu: kani ya ukuta, momenti ya ukuta na kani ya mwega. Milinganyo yenye maana hapa ni miwili tu, yaani jumla ya kani za wima iwe sifuri na jumla ya momenti iwe sifuri. Ukichukua momenti kuzunguka nukta nyingine hupati mlinganyo mpya, unapata ule ule umevaa nguo nyingine. Ukiamua mwega ubebe kN 10, ukuta utajaza zilizobaki na usawa utatimia. Ukiamua ubebe kN 40, vivyo hivyo. Usawa peke yake haujali jibu lipi ni la kweli.

Kinachochagua jibu moja ni umbo la boriti. Baada ya mizigo yote kukaa, ncha B lazima iwe pale pale ulipo mwega. Kazi yote iliyobaki ni kuligeuza sharti hilo kuwa mlinganyo wa tatu.

Ondoa mwega kwanza

Fikiria mwega umeondolewa. Inabaki kantileva tupu, na kila kitu chake kinahesabika kwa urahisi. Mizigo itaishusha ncha B kwa kiasi fulani. Kisha rudisha mwega, lakini usiuone tena kama mwega; uone kama kani R inayosukuma ncha B kwenda juu. R ikiwa peke yake juu ya kantileva ile ile, ingeinua ncha kwa kiasi fulani. Tunaitafuta R ambayo inainua ncha kwa kiasi kile kile mizigo ilichoishusha.

Tunaruhusiwa kujumlisha hivi kwa sababu, ndani ya mipaka ya unyumbufu na kwa mishuko midogo, mshuko unakua kwa uwiano ule ule wa mzigo, na athari ya mzigo mmoja haibadilishwi na kuwepo kwa mwingine. Chuma kikianza kulegea na kupinda bila kurudi, au boriti ikishuka kiasi cha kubadilisha umbali wa mizigo kutoka ukutani, ruhusa hiyo inakwisha.

Kabla ya kugusa namba, weka ishara. Mimi huchukua mshuko wa kwenda chini kuwa chanya kwa mizigo, na mnyanyuko wa kwenda juu kuwa chanya kwa R, kisha ninavisawazisha. Wengine huweka kila kitu kwenye mhimili mmoja na kuandika jumla ni sifuri. Njia zote mbili ni sawa mradi usizichanganye katikati ya ukurasa.

Data ya boriti

Tuseme moduli ya unyumbufu ya chuma, E, ni GPa 200, na momenti ya pili ya eneo la mkato, I, ni cm⁴ 4,000. Makosa mengi ya hesabu hizi huzaliwa hapa, kwenye vipimo, kabla hata nadharia haijaanza. Badilisha kila kitu kiwe kN na mita tangu mwanzo:

```
E  = 200 GPa   = 200,000,000 kN/m²
I  = 4000 cm⁴  = 0.00004 m⁴
EI = 8000 kN·m²
```

Sentimita moja ni mita 0.01, kwa hiyo cm⁴ moja ni mita kipeo cha nne 0.00000001, yaani sifuri saba baada ya nukta kabla ya ile moja. Ukikosea sifuri mbili hapa, mshuko utatoka wa mita kadhaa au wa sehemu ya milimita, na ukubwa huo peke yake ukushtue. Kantileva ya mita 4 yenye mizigo kama hii inapaswa kushuka kwa makumi ya milimita.

Mshuko wa mzigo wa katikati

Naanza na mzigo wa kN 20 kwa sababu ndio unaofundisha zaidi. Uite P. Uko umbali a kutoka ukutani, na hapa a ni mita 2; urefu wote wa boriti, mita 4, tuuite L. Sehemu ya boriti kati ya ukuta na mzigo inapinda. Sehemu iliyobaki, kutoka kwenye mzigo hadi ncha B, haina momenti yoyote inayotokana na mzigo huu, kwa hiyo haipindi hata kidogo: inabaki imenyooka, ila imeinama, ikifuata mwelekeo boriti iliokuwa nao pale chini ya mzigo.

Mshuko wa ncha B basi una vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mshuko wa boriti chini ya mzigo wenyewe. Cha pili ni mwinamo wa pale kwenye mzigo ukizidishwa kwa urefu wa sehemu iliyonyooka.

```
mshuko chini ya mzigo = P·a³ / (3EI)
                      = 20 × 8 / 24000 = 0.00667 m

mwinamo kwenye mzigo  = P·a² / (2EI)
                      = 20 × 4 / 16000 = 0.005 radiani

mwinamo × (L − a)     = 0.005 × 2 = 0.010 m
```

Jumla ni mita 0.01667, yaani milimita 16.67. Angalia ukubwa wa vipande hivyo: kile cha mwinamo, milimita 10, ni kikubwa kuliko mshuko wenyewe wa chini ya mzigo. Anayekisahau anapoteza asilimia 60 ya mshuko wa ncha, na kani ya mwega itakayotokana na mzigo huu itapungua kwa asilimia hiyo hiyo. Ukitaka kuunganisha vipande vyote viwili katika fomula moja, utapata hii:

```
mshuko wa ncha = P·a²·(3L − a) / (6EI)
```

Ijaribu kwa a = L na utaona inarudi kuwa PL³/(3EI), kantileva yenye mzigo kwenye ncha. Jaribio dogo kama hilo linakamata fomula iliyokaririwa vibaya kwa sekunde chache.

Mshuko wa mzigo uliotandazwa

Fomula ya kantileva yenye mzigo w uliotandazwa kutoka A hadi B ni wL⁴/(8EI). Huna haja ya kuiamini bure, kwa maana inatoka kwenye fomula iliyotangulia. Ukate mzigo katika vipande vyembamba, kila kimoja kikiwa mzigo mdogo w·dx ulioko umbali x kutoka ukutani. Kila kipande kinashusha ncha kwa w·x²(3L − x)/(6EI)·dx. Vijumlishe kutoka sifuri hadi L: x²·3L inatoa L⁴, x³ inatoa L⁴/4, tofauti yake ni robo tatu ya L⁴, na ukigawanya kwa 6 unabaki na moja ya nane. Huko nako ni kujumlisha mishuko, ila kwa mizigo midogo isiyo na idadi.

```
wL⁴ / (8EI) = 12 × 256 / 64000 = 0.048 m
```

Milimita 48. Njia ile ile ya vipande inakusaidia pia mzigo ukiwa umetandazwa sehemu tu ya boriti, tuseme kutoka ukutani hadi umbali c. Simamisha ujumlishaji kwenye c na utapata w·c³(4L − c)/(24EI).

Bila mwega, basi, ncha B ingeshuka milimita 48 na nyingine 16.67, jumla milimita 64.67.

Kilonyutoni moja inainua kiasi gani?

Wengi huandika R moja kwa moja ndani ya mlinganyo. Mimi napendelea kuuliza swali dogo zaidi kwanza: kani ya kN 1 ikisukuma ncha B kwenda juu, itainua ncha kwa kiasi gani?

```
L³ / (3EI) = 64 / 24000 = 0.002667 m kwa kila kN
```

Yaani milimita 2.667 kwa kila kilonyutoni. Namba hii ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Ni tabia ya boriti na mahali pa mwega tu, haijali mizigo. Ukibadilisha mizigo kesho, namba hii inabaki. Mwega ukizama au ukibonyea, utaitumia tena. Iandike pembeni mwa karatasi na kuizungushia duara.

Sasa mwega mgumu usiosogea unadai R mara 2.667 iwe sawa na 64.67:

```
R = 64.667 / 2.667 = 24.25 kN
```

Ukitenganisha mizigo, ule uliotandazwa unachangia kN 18, ambazo ni 3wL/8, na ule wa katikati kN 6.25, ambazo ni 5P/16. Utazikuta 3/8 na 5/16 kwenye majedwali mengi ya boriti, na sasa unajua zilikotoka.

Umeona pia kwamba EI ilijifuta. Iko kwenye mshuko na iko kwenye mnyanyuko, na zikigawanywa inapotea. Boriti nzito na boriti nyembamba, za chuma au za mbao, zikiwa na mwega mgumu, ukuta mgumu na mkato usiobadilika, zinagawana mzigo kati ya ukuta na mwega kwa uwiano ule ule. Kama unataka R tu na una hakika mwega hausogei, ungeweza kuacha EI kama herufi hadi mwisho. Lakini shika neno hilo la hakika, maana tutalirudia.

Mambo mengine yote ya ukutani

R ikishajulikana, boriti imekuwa ya kawaida. Mzigo wote ni 48 na 20, yaani kN 68. Ukuta unabeba 68 ukitoa 24.25, yaani kN 43.75. Momenti ya ukutani:

```
M = wL²/2 + P·a − R·L
  = 96 + 40 − 97 = 39 kN·m
```

Momenti hii inavuta nyuzi za juu za boriti. Bila mwega ingekuwa kN·m 136, kwa hiyo mwega umeondoa zaidi ya theluthi mbili yake. Na hapa kuna jambo la kuchunga. Namba 39 imepatikana kwa kutoa 97 kutoka 136, namba mbili kubwa. Ukikosea R kwa asilimia 4 tu, tuseme umepata 25.25 badala ya 24.25, momenti inashuka hadi 35, kosa la asilimia zaidi ya 10. Ndiyo maana siikadirii R mapema. Naiacha na tarakimu zake hadi momenti itoke.

Fuata kani ya mkato kutoka ukutani. Inaanza na 43.75, na kwa mita 2 za mwanzo mzigo uliotandazwa unaipunguza kwa 24, inabaki 19.75. Mzigo wa kN 20 unaishusha ghafla hadi hasi 0.25. Mita 2 nyingine zinaishusha hadi hasi 24.25, ambayo ndiyo kani ya mwega. Mchoro umefunga. Kani ya mkato inavuka sifuri chini ya mzigo wa katikati hasa, kwa hiyo momenti kubwa ya kuvuta nyuzi za chini iko pale. Ihesabu kutoka upande wa mwega, ndio mfupi zaidi:

```
M = 24.25 × 2 − 12 × 2 × 1 = 24.5 kN·m
```

Kati ya ukuta na katikati, momenti inageuka kutoka kuvuta juu hadi kuvuta chini. Ukitafuta inapokuwa sifuri utaipata karibu mita 1.04 kutoka ukutani. Kwa boriti ya zege la nondo, eneo hilo ndilo linaloamua nondo za juu ziendelee hadi wapi, na huwa haziishii kwenye nukta yenyewe bali zinapitilizwa.

Kagua kwa njia isiyopita kule ulikopita

Kurudia hesabu ile ile mara ya pili kunakamata makosa ya kikokotoo, hakukamati makosa ya mawazo. Kwa bahati nzuri boriti hii ina mlango wa pili. Badala ya kuondoa mwega, acha mwega na uondoe ukazaji wa ukutani, A iwe egemeo la kawaida lisilozuia kuzunguka. Sasa una boriti yenye maegemeo mawili, na mizigo inaiinamisha kwenye A. Momenti ya ukuta lazima iurudishe mwinamo huo kuwa sifuri.

```
mwinamo wa A kwa mzigo uliotandazwa = wL³/(24EI) = 0.0040
mwinamo wa A kwa mzigo wa katikati  = PL²/(16EI) = 0.0025
jumla                               = 0.0065 radiani

momenti M kwenye A inarudisha         M·L/(3EI)  = M/6000
M = 0.0065 × 6000 = 39 kN·m
```

Ni ile ile 39, bila kutumia hata fomula moja ya kantileva. Njia mbili zenye fomula tofauti zikikutana hivi, unaweza kulala. Zisipokutana, angalia kwanza fomula ya mwinamo na ule umbali a: mara kwa mara mtu amepima a kutoka kwenye mwega badala ya ukutani. Katika mfano wetu kosa hilo halingeonekana kwa sababu mzigo uko katikati kabisa, na ni vizuri kujua kwamba mfano wenye ulinganifu unaficha makosa ya namna hiyo.

Mwega usipokuwa kwenye ncha

Sogeza mwega hadi mita 3 kutoka ukutani, boriti ichomoze mita moja mbele yake. Hatua hazibadiliki, lakini mshuko unaotafutwa sasa ni ule wa nukta iliyo juu ya mwega, na mshuko wa ncha hauna kazi tena. Kwa umbali b kutoka ukutani, mzigo uliotandazwa juu ya boriti yote unaishusha nukta hiyo kwa:

```
w·b²·(6L² − 4Lb + b²) / (24EI) = 0.03206 m
```

Mzigo wa katikati unatumia fomula ile ya vipande viwili, ila L inabadilishwa kuwa b, na unatoa mita 0.01167. Jumla milimita 43.73. Kilonyutoni moja pale inainua b³/(3EI), yaani milimita 1.125. R inatoka kN 38.87. Anayechukua milimita 64.67 za ncha na kuzigawanya kwa 1.125 atapata zaidi ya kN 57, na momenti yake ya ukutani itageuka ishara: 136 ukitoa mara tatu ya 57.5 ni hasi. Ukiona ukuta unavutwa nyuzi za chini wakati mizigo yote inasukuma chini na sehemu iliyochomoza ni fupi, rudi nyuma.

Mwega unaosogea

Sasa turudi kwenye ile hakika. Mwega uliokaa juu ya udongo unazama. Mwega ambao ni boriti nyingine unabonyea. Hapo ndipo namba 2.667 inapolipa.

Tuseme mwega wa ncha B umezama milimita 5. Sharti limebadilika: ncha haitakiwi kurudi hadi sifuri, inatakiwa iwe chini kwa milimita 5. Kwa hiyo R inainua 64.67 ukitoa 5, yaani 59.67:

```
R = 59.667 / 2.667 = 22.375 kN
```

Mwega umepoteza kN 1.875 tu, na mtu anaweza kusema si kitu. Lakini zidisha kwa mita 4: momenti ya ukutani imepanda kwa 7.5, kutoka 39 hadi 46.5. Milimita 5 za kuzama zimeongeza karibu asilimia 20 ukutani. Na sasa EI haijifuti tena. Boriti ngumu mara mbili ingepoteza kani mara mbili kwa kuzama kule kule. Kuongeza ukubwa wa boriti ili kuondoa wasiwasi wa kuzama kwa mwega kunaweza, basi, kuleta momenti kubwa zaidi kwenye ukuta ule ule uliotaka kuuokoa.

Hesabu ile ile inajibu swali la nafasi. Kama wakati wa kufunga boriti kulibaki uwazi kati yake na mwega, uwazi huo ni sawa na kuzama. Ukifika milimita 64.67, boriti haigusi mwega kabisa, na ukuta unabeba momenti yote ya kN·m 136.

Mwega unaobonyea una tofauti moja: kiasi cha kubonyea kinategemea R yenyewe, kama springi. Tuseme ncha B imelazwa juu ya boriti nyingine inayobonyea milimita 1 kwa kila kN. Mlinganyo unakuwa:

```
R × 2.667 + R × 1 = 64.667
R = 64.667 / 3.667 = 17.64 kN
```

Momenti ya ukutani: 136 ukitoa 17.64 mara 4, karibu kN·m 65.5. Aliyeuchukulia mwega huo kuwa mgumu alipanga ukuta kwa 39. Kwa upande mwingine, boriti ikining'inizwa kwa nondo ya chuma ya kipenyo cha mm 20 na urefu wa mita 3, nondo hiyo inarefuka kama milimita 0.048 tu kwa kila kN, na R inakuwa 23.82, tofauti isiyofika asilimia 2. Kipimo cha kuamua ni rahisi: linganisha ulegevu wa mwega na ule wa boriti. Wa mwega ukiwa chini ya sehemu moja ya hamsini ya ule wa boriti, uchukulie mgumu na uendelee na kazi.

Chunga tu usihesabu mara mbili. Kama ulegevu wa mwega umeuingiza kama springi, usiongeze tena kubonyea huko huko kana kwamba ni kuzama. Kuzama kwa udongo kunakotokana na mambo mengine, hicho ndicho kinachoingia kama namba ya kudumu.

Ukuta usiokaza vya kutosha

Upande wa pili wa wasiwasi ni ukuta. Bolti zinalegea, zege linapasuka, bamba la kushikilia linapinda, na A inazunguka kidogo. Ikizunguka kwa pembe θ kufuata mizigo, kantileva yote inainama pamoja nayo na ncha isiyo na mwega inashuka zaidi kwa θ mara L. Kwa radiani 0.002, hizo ni milimita 8 za ziada:

```
R = (64.667 + 8) / 2.667 = 27.25 kN
M ukutani  = 136 − 27.25 × 4      = 27 kN·m
M katikati = 27.25 × 2 − 24       = 30.5 kN·m
```

Ukuta umepumzika, lakini mwega na katikati ya boriti vimelemewa. Safari hii kosa linaelekea upande ulio kinyume na ule wa mwega unaozama. Ukuta ukiachia kabisa, pembe inafika 0.0065 tuliyoipata kwenye ukaguzi, mshuko wa ziada ni milimita 26, na R inakuwa kN 34, sawasawa na boriti yenye maegemeo mawili ya kawaida: nusu ya 48 na nusu ya 20. Momenti ya katikati inafika 44.

Hivyo ukiwa na shaka na ukuta, usitumie 24.25 kila mahali. Panga ukuta kwa momenti ya 39, au zaidi kama mwega unaweza kuzama, na upange mwega na katikati ya boriti kwa kani iliyo kati ya 24.25 na 34, ukichagua kulingana na jinsi maungo ya ukutani yalivyofungwa. Maungo yaliyofungwa kwa bolti mbili kwenye ubavu wa boriti yako karibu na 34. Boriti iliyozikwa ndani ya zege nene na kushikwa juu na chini iko karibu na 24.25.

Linabaki jambo moja la mipaka. Fomula zote hizi zinahesabu mshuko wa kupinda tu. Boriti ikiwa fupi na nene, urefu ukiwa chini ya mara kumi ya kimo chake hivi, mshuko unaotokana na kani ya mkato unaanza kuhesabika na lazima uingizwe pande zote mbili za mlinganyo. Na kwa zege lililopasuka karibu na ukuta, EI ya pale si ile ya kwingine, kwa hiyo haijifuti hata kama mwega ni mwamba. Hapo sharti la umbo linabaki lile lile, ncha B ikae juu ya mwega, lakini mishuko inabidi itafutwe kwa kukata boriti vipande na kuipa kila sehemu EI yake.